Shimo la saa sita mchana kwenye grafu ya wakala

Grafu ya kwanza niliyompelekea wakala wa pesa za simu ilikuwa na nguzo 24, moja kwa kila saa, na kila nguzo ilihesabu miamala ya saa hiyo. Nilikuwa nimeanza kazi ya takwimu kwa wakala mkuu mmoja hapa Mwanza, na mama niliyempelekea ana kibanda jirani na mwalo wa Kirumba, wanakouza dagaa. Nguzo zilipanda saa tatu na saa nne asubuhi, zikaporomoka kuanzia saa tano, zikapanda tena alasiri. Nikamwambia mchana ndio muda wake wa kupumzika, aende hata benki.

Akacheka. "Mwanangu, mchana watu wanakuja. Mimi ndiye sina hela ya kuwapa."

Kama unaanza kazi hii, anzia kwenye jibu hilo. Muamala ulioshindikana kwa kukosa keshi hauachi alama yoyote kwenye mfumo. Mteja kauliza, kaambiwa hakuna, kaondoka kwenda kibanda cha pili. Kwenye faili lako saa hiyo inaonekana tulivu. Kwa hiyo grafu ya idadi ya miamala inakuonyesha saa ambazo wakala alihudumia watu wengi. Saa ambazo watu wengi walihitaji huduma ni swali jingine, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo unayotafuta.

Lakini kabla ya kufika huko, nyoosha saa. Nimeona vijana wawili wakipoteza wiki nzima kwa sababu hii, na mmojawapo ni mimi. Kuna mafaili yanayotolewa kwenye mfumo yakiwa na muda wa UTC, ambao uko nyuma ya muda wetu kwa saa tatu. Utajua kwa kuangalia muamala wa kwanza wa siku: ukiona wakala anahudumia watu saa kumi alfajiri, na unajua kibanda hufunguliwa saa moja, tatizo liko kwenye faili. Daftari la wakala lina mtego wake pia. Yeye anaandika 3:20 akimaanisha saa tatu na dakika ishirini asubuhi, na Excel inaipokea kama usiku wa manane. Hapo unaongeza saa sita. Wengine lakini wananakili muda kama ulivyo kwenye ujumbe wa simu, na wapo wanaochanganya mitindo yote miwili kwenye ukurasa mmoja. Usikisie. Chukua namba ya kumbukumbu ya muamala kutoka kwenye daftari, itafute kwenye ujumbe wa simu yake, ulinganishe saa. Mistari mitatu ya namna hiyo kwa kila ukurasa inatosha.

Jambo la pili la maandalizi ni laini. Wakala wa kawaida ana laini ya M-Pesa, ya Airtel Money, ya Mixx by Yas, pengine na ya HaloPesa, na kila moja ina floti yake, yaani pesa iliyomo kwenye laini. Droo ya keshi ni moja tu. Ukichukua ripoti ya mtandao mmoja ukataka kukokotoa keshi, umechungulia droo kwa tundu la ufunguo. Unganisha laini zote kwenye jedwali moja. Kisha ondoa miamala iliyofeli na iliyorudishwa, na mistari ya kamisheni. Floti anayotumiwa na wakala mkuu nayo usiihesabu kama mteja kaweka pesa, ila usiifute kabisa: kama alilipa keshi kuipata, keshi hiyo imetoka kwenye droo na lazima ionekane.

Sasa kazi yenyewe. Fanya siku moja kwanza. Safu A ina wakati, B laini, C kiasi, D aina ya muamala (WEKA au TOA), na E ina saa. Pembeni unaandaa muhtasari: H ni saa, I jumla ya kuweka, J jumla ya kutoa, K keshi iliyobaki saa hiyo inapoisha, na L muamala mkubwa kuliko yote wa kutoa ndani ya saa hiyo. K2 unaandika kwa mkono keshi aliyofungulia kibanda.

```
E2:  =HOUR(A2+TIME(3,0,0))-6
I3:  =SUMIFS($C:$C,$D:$D,"WEKA",$E:$E,H3)
J3:  =SUMIFS($C:$C,$D:$D,"TOA",$E:$E,H3)
K3:  =K2+I3-J3
L3:  =MAXIFS($C:$C,$D:$D,"TOA",$E:$E,H3)
```

MAXIFS haipo kwenye Excel za kabla ya 2019. Ukiikosa, jedwali egemeo, yaani PivotTable, linafanya kazi hiyo hiyo.

Hii ni siku moja ya yule mama, nimezikata namba ziwe rahisi kufuatilia. Alifungua na keshi 2,000,000 na floti 3,000,000 kwa laini zote. "Saa 1" maana yake saa moja hadi saa mbili asubuhi, na kuendelea hivyo.

| Saa | Weka | Toa | Keshi iliyobaki | Kutoa kubwa |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 150,000 | 400,000 | 1,750,000 | 120,000 |
| 2 | 200,000 | 650,000 | 1,300,000 | 250,000 |
| 3 | 180,000 | 780,000 | 700,000 | 300,000 |
| 4 | 210,000 | 760,000 | 150,000 | 300,000 |
| 5 | 190,000 | 240,000 | 100,000 | 50,000 |
| 6 | 230,000 | 180,000 | 150,000 | 40,000 |
| 7 | 260,000 | 250,000 | 160,000 | 60,000 |
| 8 | 700,000 | 300,000 | 560,000 | 150,000 |
| 9 | 900,000 | 250,000 | 1,210,000 | 100,000 |
| 10 | 850,000 | 300,000 | 1,760,000 | 120,000 |

Tazama saa tano, sita na saba. Kuweka hakukuanguka: kulishuka kidogo saa tano, kisha kukapanda. Kama mwalo wote ungekuwa umelala, kuweka nako kungelala. Kilichoanguka ni kutoa peke yake. Safu ya mwisho ndiyo inayoondoa shaka: saa nne kuna mtu aliyetoa 300,000, saa tano mkubwa kuliko wote katoa 50,000. Keshi inapokaribia kuisha, wateja wa kiasi kikubwa ndio wanaorudishwa kwanza, na wadogo wanaendelea kuhudumiwa kwa noti anazoleta mteja aliyetangulia kuweka. Angalia kwamba saa sita na saa saba kiasi kilichotolewa kiko karibu sawa na kilichowekwa. Mama alikuwa anapokea mkono huu na kutoa mkono ule. Nguzo za idadi hazikuweza kuniambia hayo.

Kwa hiyo mchoro ninaoutumia siku hizi una nguzo mbili kwa kila saa, kuweka na kutoa, na juu yake mstari wa keshi iliyobaki. Mstari huo ukigusa chini huku nguzo ya kutoa ikiporomoka na ya kuweka ikibaki pale pale, hapo keshi imeisha. Zikiporomoka zote mbili pamoja huku keshi ipo, wateja ndio hawapo.

Mstari wa keshi ukishuka chini ya sifuri, simamisha kila kitu. Droo haina keshi hasi. Mara nyingi utakuta kuna laini moja umeisahau, au saa za laini moja hazijanyooshwa, au mwenye kibanda aliongeza hela kutoka mfukoni bila kuiandika. Kuna na kosa la upande wa pili, mstari kuwa juu kuliko hali halisi, kwa sababu kibanda kinauza na soda na mwenyewe amechukua hela ya droo kulipia kreti. Ndiyo maana namwomba wakala ahesabu keshi mara mbili kwa siku, mchana na wakati wa kufunga, na kupiga picha ya salio la floti kila laini. Keshi ukijumlisha na floti lazima ukaribie mtaji aliofungulia, hapa 5,000,000, kamisheni ukiiweka pembeni.

Kisha usiharakishe kuchukua wastani. Nilipounganisha siku 30 za mama huyu, mstari wa keshi haukugusa chini hata mara moja, na kidogo nimwambie mtaji wake unatosha. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hawaingii majini kwa sababu taa hazivuti dagaa vizuri. Siku za giza, wanunuzi wanatoa hela nyingi asubuhi. Siku za mbalamwezi, mwalo umepoa na droo inashinda imejaa. Wastani ulizichanganya siku hizo ukazaa siku ya tatu ambayo haijawahi kuwepo. Kwako inaweza kuwa siku ya gulio au siku ya mishahara. Muulize wakala ni siku zipi hazifanani, chora kila kundi peke yake, na ndani ya kundi acha mstari wa kila siku uonekane badala ya kuchora mmoja tu wa katikati.

Ili kujua ukubwa wa shimo, nilimwachia mama karatasi. Kila anayerudishwa aandike saa na kiasi alichotaka. Baada ya siku sita za giza, waliorudishwa kati ya saa tano na saa nane walikuwa wanataka, kwa siku ya kawaida, kama 850,000. Hiyo ni namba ya juu, kwa kuwa wengine huenda walirudi alasiri wakahudumiwa.

Mtaji wa kuongeza hakuwa nao, na kwa kweli hakuuhitaji. Keshi ilipokuwa imebaki 150,000, floti yake ilikuwa 4,850,000, hela nyingi iliyokaa upande usiotakiwa. Swali lilikuwa aigeuze saa ngapi. Kati ya saa tatu na saa tano keshi inapungua kwa karibu 600,000 kila saa. Kwenda kubadilisha floti na kurudi kunamchukua saa nzima, foleni ikiwemo. Akisubiri ibaki 150,000 ameshachelewa. Hata kwenye 700,000 ataikuta droo karibu tupu. Inabidi mtu aondoke keshi ikiwa bado 1,300,000, yaani saa tatu kamili, wakati droo inaonekana imeshiba.

Hilo lilikuwa gumu kumweleza, kwa sababu saa tatu ndipo foleni yake ni ndefu na yuko peke yake. Mwishowe tulichora grafu ya kibanda kingine, cha barabara ya maduka, na mstari wake ulikuwa unapanda asubuhi: wenye maduka wanaweka mauzo ya jana. Siku hizi kijana wa kule anamletea keshi 900,000 kabla ya saa nne, mama anamrushia floti, na alasiri wanageuziana. Siku za mbalamwezi hampigii.