Mashine ya barafu Wete: benki inataka 15%, mradi ulipe ngapi?

Nna kampuni ya samaki Wete. Benki imekubali kunikopesha milioni 100 zote za mashine ya barafu, kwa riba ya 15%. Itaniachia milioni 30 kwa mwaka, baada ya gharama na kodi, kwa miaka mitano. Si inalipa?

Ukipima kwa 15%, inalipa kidogo: milioni 30 za miaka mitano, ukizigawa kwa 1.15 kwa kila mwaka wa kuzingoja, zina thamani ya leo ya milioni 100.6. Lakini benki haikuiamini mashine. Imekuamini kwa ghala na maboti uliyokwisha kuyalipia, na ukiyaweka rehani leo, mradi wa mwakani utaugharimia kwa fedha yako. Kwa hiyo kila mradi ubebe gharama ya mchanganyiko mzima wa mtaji wa kampuni.

Tuseme kampuni yako kwa kawaida huendeshwa kwa 60% fedha ya wenyewe na 40% mkopo, na wenyewe wanataka 22%. Riba hupunguza faida inayotozwa kodi, na kodi ya kampuni ni 30%, kwa hiyo mkopo wa 15% unakugharimu 10.5%. (Mwaka wa hasara nafuu hiyo huipati papo hapo.) Basi:

0.6 × 22% + 0.4 × 10.5% = 17.4%

Hicho ndicho kizingiti, yaani faida ya chini kwa mwaka ambayo mradi lazima uifikie. Kwa 17.4%, mapato yale yale yana thamani ya milioni 95.1, na mashine ni 100. Unapoteza karibu milioni 5 huku benki ikilipwa kila mwezi bila tatizo, ndiyo maana hasara hii haionekani upesi.

Hiyo 22% imetoka wapi? Fedha yangu mwenyewe siilipii riba.

Huilipii, lakini ungeweza kuiweka kwenye hati fungani za serikali ukalala usingizi. Mwenye hisa hulipwa mwisho, baada ya benki, kwa hiyo hawezi kuridhika na chini ya 15%. Kampuni isiyouza hisa sokoni haina bei ya kupimia, hivyo 22% ni makadirio. Mimi hugeuza swali: mradi huu wenyewe unazalisha kama 15.2% kwa mwaka, kwa hiyo unafika kizingiti ikiwa tu wenyewe wataridhika na 18.4%. Wewe na wenzako mngeridhika? Hapo ndipo pa kubishania.

Sisi tuna boti za abiria Unguja, tunataka kujenga hoteli Paje. Tutumie kizingiti cha boti?

Hapana. Kizingiti hufuata hatari ya mradi, si jina la kampuni. Msimu wa masika hoteli huwa tupu, wakati watu wa Pemba bado wanasafiri. Angalieni wenye hoteli wanadai faida gani na wanakopa kiasi gani. Na mkihesabu mapato kwa dola, kizingiti nacho kiwe cha dola. Kukichanganya na cha shilingi kunaharibu hesabu nzima.