Bosi wako asiwe supavaiza wako

Swali: “Wakuu, nimepata kazi ya unasihi kwenye kituo cha manusura wa ukatili wa kijinsia, naanza mwezi ujao. Mratibu kasema supavisheni atanipa yeye, kila Ijumaa tunapitia mafaili. Hiyo inatosha kunikinga nisiumizwe na kesi za watu?”

Haitoshi kabisa. Hiyo ya Ijumaa ni kikao cha kazi, siyo supavisheni ya kukuangalia wewe na unavyomsikiliza mteja, na mimi niliambiwa maneno hayohayo nilipoanza, ndo maana nimeshindwa kupita kimya.

Kwenye vikao vya namna hiyo mnaulizwa kesi ngapi mpya, ngapi zina PF3, ngapi zimefika Dawati la Jinsia, nani kafungiwa faili. Hakuna anayeuliza wewe unayesikiliza hayo yote umebaki na nini. Na hata angeuliza usingemjibu, kwa sababu anayeuliza ndiye anayesaini mkataba wako ukiisha. Mimi nilimwambia mratibu wangu kwamba usingizi umepotea na kuna picha za mtoto mmoja haziondoki kichwani. Akanipa pole, akaniambia mnasihi imara haendi na kesi nyumbani, utazoea. Tathmini ya mwaka ilipokuja nikakuta imeandikwa kwamba sihimili presha ya kazi! Wenzangu wakajua, na tangu siku hiyo kila Ijumaa wote tukawa wazima wa afya. Hasira yangu kwa yule mtu haijaisha mpaka leo, maana aliyetuziba midomo ni yeye halafu akawa anaripoti kwa wafadhili kwamba wafanyakazi wanapata supavisheni kila wiki.

Sasa elewa kwanza kinachokuja kukupata, maana wengi wanadhani ni uchovu tu. Uchovu wa kazi unatokana na wingi wa kazi, ukipata likizo ya kweli unapungua. Hiki kiwewe cha kubeba ya wateja kinabadilisha unavyoiamini dunia. Waliokieleza mwanzo, McCann na Pearlman, mwaka 1990, walisema kinagusa sehemu kama usalama, kuamini watu, heshima unayowapa watu na unayojipa mwenyewe, ukaribu na wengine, na hisia kwamba maisha yako unayamudu. Na huo mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili, DSM-5 wa 2013, unakubali kwamba mtu anayesikiliza maelezo ya kutisha mara kwa mara kwa sababu ya kazi yake anaweza kuugua kiwewe chenyewe. Kwa hiyo mratibu akikwambia utazoea, muulize kama atakuwa na wewe utakaposhindwa kuzoea.

Kwangu kilikuja hivi. Nilipewa watoto mfululizo, mmoja wa darasa la tatu, aliyemdhuru ni mjomba wake aliyekuwa anakuja na mfuko wa maandazi. Basi. Kaka yangu naye ana kawaida ya kuwaletea wanangu vitafunwa. Sikukaa nikaamua kwamba ni mtu mbaya, ila akibisha hodi tumbo linakaza, nawaita watoto ndani, namkalisha barazani, nikidhani huo ni umakini wa mama. Sikukuu ya Idi akaomba awapeleke ufukweni na mimi nikamtolea maneno mbele ya mke wake ambayo sitayaandika hapa. Tunasalimiana misibani tu siku hizi. Huyo ni kaka yangu wa tumbo moja, hajawahi kumkosea mtoto yeyote, na kuna mtoto wa mtu mwingine kabisa aliyeumizwa na mtu mwingine kabisa katikati yetu.

Na kazini nako kulikuwa kumeharibika bila mimi kuona. Yule mtoto akianza kukaribia habari ya mjomba nilikuwa namsogezea rangi achore. Nilijiambia namwonea huruma, kumbe najikinga mimi, na mtoto anajifunza kwamba habari yake inawatisha hata watu wazima waliowekwa pale kumsikiliza. Kwenye faili niliandika mteja anaendelea vizuri, na Ijumaa faili likapita.

Aliyekuja kuligundua ni mama mmoja mnasihi mkongwe wa kituo kingine, hanisimamii kwa lolote. Nilimsimulia kesi yote kwa mpangilio mzuri kama nilivyozoea. Hakuuliza kitu kuhusu mtoto. Akauliza, “Alipotoka na ukafunga mlango, ulifanya nini?” Nikasema nilimpigia dada wa kazi kuuliza wanangu wako wapi. “Na wiki iliyopita?” Hivyohivyo. “Uliogopa wako na nani?” Hapo nikamtaja kaka yangu na nikalia. Kisha ndo akanirudisha kwa mtoto, tukaangalia ni dakika gani hasa huwa nachukua zile rangi, na tukafanya mazoezi ya sentensi ya kusema badala yake: “Naona umefika sehemu ngumu, nipo, tunaweza kwenda taratibu.” Hiyo ndiyo supavisheni, dada. Inaanzia kwako lakini inaishia kwa mteja. Yeye siyo tabibu wako, na aliponiona usingizi haurudi alinituma kwa mwanasaikolojia.

Chama cha wanasihi cha Uingereza, BACP, kinataka wanachama wake wenye ithibati wapate angalau saa moja na nusu kwa mwezi, na kwa kesi nzito kama zako mimi nasema kila wiki mbili. Andikianeni makubaliano: yanayosemwa hayaendi kwa bosi, isipokuwa mteja akiwa hatarini, na hilo supavaiza atakwambia wewe kwanza.

Katikati ya vikao tumia daftari, tofauti kabisa na faili, bila majina. Mteja akitoka, dakika kumi: nini kilinigusa, mwili ulifanya nini, nimeanza kuamini nini kuhusu watu, nitafanya nini kikao kijacho. Usiandike tena tukio lenyewe, ukifanya hivyo unajidunga mara ya pili. Mimi niliporudi kusoma kurasa zangu niliona mwanzoni naandika “mjomba wake,” baadaye “wajomba,” baadaye “wanaume.” Ukiona sentensi zako zinapanuka hivyo usisubiri tarehe ya kikao, piga simu.

Kama hela ya supavaiza wa nje hakuna, tafuta wanasihi watatu wanne wa vituo tofauti mkutane, na mtu akitaka kusimulia kitu kizito aombe ruhusa kwanza na aseme kinachohitajika tu. Ile ya kumwaga kila kitu kwenye chai ya saa nne mnaambukizana. Na usidanganywe kwamba supavisheni inafuta wingi wa kesi. Ukipewa watoto watano wa ubakaji kwa siku hakuna daftari litakalokuokoa, hapo ni mratibu agawe kazi upya, na huo ndo wajibu wake halisi.

Kabla hujasaini mwambie mambo mawili: Ijumaa ibaki ya mafaili, na kituo kikupe ruhusa ya muda wa kazi uende kwa supavaiza wa nje, iandikwe kwenye mkataba. Akisema hakuna bajeti, omba muda tu. Akikataa hata muda, kachukue wa kwako Jumamosi kabla hujapokea mteja wa kwanza. Njoo inboksi nikutumie mfano wa makubaliano tuliyoandikiana mimi na yule mama.