Maswali na Majibu: Viazi Alivyonunua Mama

Zoezi la kuunganisha sentensi la wiki iliyopita limeleta maswali kibao, simu imejaa picha za madaftari. Naliweka tena hapa pamoja na majibu yangu, halafu tunaanza kubishana.

1. Mama alinunua viazi. Viazi vimeoza. (Viazi alivyonunua mama vimeoza.)
2. Gari lilibeba mbao. Gari limeharibika Kitonga. (Gari lililobeba mbao limeharibika Kitonga.)
3. Mwanafunzi analia. Kiatu chake kimetumbukia mtoni. (Mwanafunzi ambaye kiatu chake kimetumbukia mtoni analia.)
4. Mvua ilinyesha. Tulienda shamba. (Ingawa mvua ilinyesha, tulienda shamba.)
5. Baba ameenda Makambako. Anataka kununua mbolea. (Baba ameenda Makambako ili anunue mbolea.)
6. Fuvu la Chifu Mkwawa lipo Kalenga. Fuvu hilo lilirudishwa mwaka 1954. (Fuvu la Chifu Mkwawa, ambalo lilirudishwa mwaka 1954, lipo Kalenga.)

"Shikamoo mwalimu. Nafundisha la sita huku Mafinga, watoto wangu kila kitu wanaweka 'ambayo'. Gari ambayo, kiatu ambayo, mpaka mtu ambayo. Nifanyeje?"

Marahaba. Hao hawajakosea bahati mbaya, wameokota neno moja linalosikika sana na wanalitumia kama gundi. Ukiwabandikia jedwali la ngeli ukutani watalikariri mpaka Ijumaa na Jumatatu limeyeyuka, mimi nilishaacha.

Ninachofanya ni hiki. Mtoto anasoma zile sentensi mbili anatafuta jina linalojirudia, hapo namba 2 ni gari. Namwambia lionyeshee kidole kama vile tumeshaliongelea: gari hilo. Basi, kakamata. Ile *lo* iliyoko mwishoni mwa *hilo* ndiyo anayoihitaji: amba*lo*, lili*lo*beba. Kiatu hicho, ambacho. Viazi hivyo, ambavyo. Mbao hizo, ambazo. Mahindi hayo, ambayo. Ukuta huo, ambao. Inakwenda kwenye ngeli zote isipokuwa moja tu, mtu mmoja: tunasema mtu huyo lakini ni amb*aye*, siyo ambayo. Na ukiangalia vizuri, "mtu ambayo" ya watoto wako pengine imetokea humo humo, wamefuata *huyo* wakaenda nayo moja kwa moja. Hiyo moja wafundishe peke yake, siku yake.

Halafu kuna mtego. Mtoto anayesema "gari hiyo", kama makonda na madereva wa stendi wanavyosema, kidole chake kitamletea "gari ambayo". Kwa hiyo kabla hujasahihisha urejeshi msikilize anavyoonyesha, maana ugonjwa unaweza ukawa upo kule nyuma kwenye ngeli. Na ng'ombe, mbwa, kuku, hao wote ni "huyo", kwa hiyo ng'ombe ambaye, ng'ombe aliyepotea.

"Mimi ni mzazi, nipo Uyole. Mwanangu kaandika 'Viazi mama alivyonunua vimeoza' akawekewa mkasi. Mbona ndivyo tunavyoongea?"

Kwa kweli tunaongea hivyo, hata mimi nikiwa Mwanjelwa nabishania bei huenda linanitoka. Ila kwenye maandishi hiyo sentensi inayumba na nitakuonyesha inayumbia wapi.

Lichukue hilo neno ulikate kama unavyokata ubaoni: a-li-vyo-nunua. *A* ni mama. *Li* ni wakati uliopita. *Vyo* ni viazi. *Nunua* ndiyo kazi yenyewe. Sasa hiyo *vyo* inapenda kukaa karibu na viazi vyake, ukiingiza mama katikati msomaji anaanza "viazi mama..." anadhani kuna aina ya viazi inaitwa viazi mama, kama mbegu, na huku kwetu wakulima wa viazi jinsi walivyo wengi hilo linawezekana kabisa. Kwa hiyo tukitumia urejeshi wa ndani ya kitenzi, mtendaji anarudi nyuma ya kitenzi: viazi alivyonunua mama. Nyumba aliyojenga babu. Barua alizoandika dada.

Ukitaka mama abaki mbele, leta amba-, hiyo inampa nafasi: "Viazi ambavyo mama alinunua vimeoza." Hiyo nayo ni sahihi na ningeipa tiki bila kusita. Na aliyeandika "alivyovinunua" naye apewe, kaongeza tu kiambishi cha mtendwa, hakuna dhambi.

Kwa hiyo mwambie mtoto asifute sentensi nzima, ahamishe neno moja tu.

"Ticha kuna mwanafunzi wangu kaandika 'Gari limeloharibika lilibeba mbao'. Najua siyo ila nashindwa kumweleza kwa nini siyo."

Kwa sababu -me- haikubali mgeni ndani. Njeo zinazokubali urejeshi katikati ni tatu, -li-, -na- na -ta-, na hiyo ya tatu ikimpokea mgeni inajinyoosha inakuwa -taka-: lililobeba, linalobeba, litakalobeba. Ukikanusha unapata -si-: lisilobeba. Basi, mlango umefungwa. -Me- inabaki nje, na hu- ya mazoea pia, hizo zikija unachukua amba-: gari ambalo limeharibika, watu ambao hulima chai.

Lakini mtoto atakuuliza, na wa kwangu aliniuliza, "sasa mwalimu nikisema gari lililoharibika si itakuwa jana?" Hapana. Na hapa Kiswahili kimefanya kitu kizuri sana: -li- ikishakuwa na urejeshi inaweza kubeba maana ya -me-. Mtoto aliyelala ni yule bado kalala. Shati lililochanika limechanika mpaka sasa unaliona. Kwa hiyo "gari lililoharibika" linaweza kuwa bado limekaa pale Kitonga limeziba njia, abiria wameshuka wanakula mahindi ya kuchoma.

Na kwa watoto wa huku kwetu angalia lingine, "mama anayeuzaga ndizi". Hiyo -ga imetoka nyumbani, Kinyakyusa kina -aga yake na Kihehe kina ya kwake, inaonyesha mazoea, inaeleweka na kila mtu. Usimcheke mtoto, yeye anajua anachosema. Mwambie tu kwenye karatasi ya mtihani ni "anayeuza ndizi" au "ambaye huuza ndizi".

"Namba 3 kwa nini umetumia ambaye, wakati kilichotumbukia ni kiatu?"

Kwa sababu anayelia ni mwanafunzi. Kiatu hakilii. Jina linalojirudia hapo limejificha kwenye *chake*, yaani cha mwanafunzi, na jina likiwa mwenye mali namna hiyo urejeshi wa ndani ya kitenzi hauna pa kuingia, imebaki amba- peke yake. Baada ya hapo kila kitu kinafuata bosi wake: *ambaye* inamfuata mwanafunzi, *chake* na *kimetumbukia* vinafuata kiatu. Nilikutana na "ambaye kiatu yake imetumbukia", hapo amba- iko sawa kabisa, kosa ni la ngeli, kwa hiyo nilitoa nusu maksi.

"Namba 4 nimejibu 'Ingawa mvua ilinyesha lakini tulienda shamba'. Nimekosa nini?"

Umefunga kamba mbili kwenye mzigo mmoja. *Ingawa* imeshamwambia msomaji kwamba kuna kinyume kinakuja, sasa *lakini* inatangaza kilekile. Watu wengi wanasema hivyo tena kwenye maikrofoni, ila kwenye zoezi la kuunganisha chagua moja: "Ingawa mvua ilinyesha, tulienda shamba" au "Mvua ilinyesha lakini tulienda shamba". Mtu akitaka "licha ya" hawezi kuifuatisha na "ilinyesha", inataka jina au kitenzi cha ku-: licha ya mvua kunyesha.

Namba 5 wengi wameandika "ili ananunua mbolea". *Ili* inadai kitenzi chenye -a mwishoni kiishie na -e: ili anunue. Ukikanusha, ili asichelewe. Hiyo haina mjadala.

"Naomba ufafanuzi, ile koma ya namba 6 ina kazi gani? Mimi naona ni urembo."

Siyo urembo. Ondoa koma uandike "Fuvu la Chifu Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954 lipo Kalenga", halafu lisome kama mtu asiyejua historia. Inasikika kama mafuvu yake yalikuwa kadhaa na wewe unaongelea lile lililorudi. Fuvu ni moja, msomaji ameshajua ni lipi, ile 1954 ni taarifa ya nyongeza tu, kwa hiyo unaizungushia koma mbele na nyuma, na hapo amba- inakaa vizuri zaidi. Ila "Wanafunzi waliochelewa wabaki nje" usiweke koma, maana hapo urejeshi ndio unaochagua nani abaki nje. Ukiweka koma wanabaki wote.

"Nimetunga la kwangu: Jirani ana mbwa. Mbwa alimuuma mtoto. Mbwa amefungwa. Jibu: 'Mbwa wa jirani aliyemuuma mtoto amefungwa.' Sawa?"

Hahaha, umemfunga jirani! Soma tena polepole. *Aliyemuuma* inaweza kumwangukia mbwa na inaweza kumwangukia jirani, wote ni a-, na jirani ndiye aliye karibu zaidi. Ingekuwa gari usingepata shida, "gari la jirani lililogonga mti" ile *lo* inajitafutia gari lake yenyewe. Lakini viumbe wawili wakikaa pamoja ngeli haikusaidii tena, na *ambaye* haikusaidii vilevile, ni "mbwa wa jirani ambaye" na utata uko palepale.

Wengine wanakimbilia kuhamisha: "Mbwa aliyemuuma mtoto wa jirani amefungwa." Sasa mtoto amekuwa wa jirani, kesi imebadilika kabisa.

Mimi ningeandika "Jirani amemfunga mbwa wake aliyemuuma mtoto", ila hapo nimeongeza kwamba aliyefunga ni jirani, na wewe hukusema. Kama hujui nani kafunga, andika "Jirani ana mbwa aliyemuuma mtoto, na mbwa huyo amefungwa." Urejeshi umegusa mbwa moja kwa moja, *na* imebeba kilichobaki. Ni ndefu kidogo lakini jirani yuko huru.