Jibu: kukokotoa mteremko kati ya A na B

> "Ramani 1:50,000. A mita 1,240, B mita 1,480, umbali sm 4.8. Nagawanya napata 50, nakwama. Na ripoti ya fildi niandikeje?"

Salama mkuu. Umegawanya mita kwa sentimita. Geuza kwanza: sm 4.8 ni mita 2,400 ardhini. Tofauti ya kimo kati ya A na B ni mita 240. Sasa 240 ÷ 2,400 ni 1/10, yaani kila mita 10 za mlalo unapanda mita 1. Hiyo ni 10%, kama nyuzi 6.

Ila huo ni wastani, na wastani huficha mengi. Fuata mstari wa A–B uone kontua zinapobanana. Kama ni za kila mita 20 na zimeachana milimita 1 kwenye ramani, hapo unapanda mita 20 ndani ya mita 50: 40%, magoti yatakwambia. Kwenye ripoti kitenge kipande hicho, taja kinapoanzia na kinapoishia.