Fyuzi imeungua na breka kubwa nayo imekata: kosa liko wapi?

Swali: Habari mhandisi. Bodi yetu ya usambazaji kwenye jengo la biashara ina breka kuu ya ampea 160, ile ya kawaida ya joto na sumaku. Chini yake kuna fyuzi za gG, zile za matumizi ya jumla, za ampea 63. Mwezi uliopita shoti ilitokea mwisho wa laini ndefu, fyuzi peke yake ikaungua. Wiki hii imetokea kwenye kiyoyozi kilicho jirani na bodi: fyuzi imeungua na breka kuu imekata, jengo zima giza. Nimeshapandisha sumaku mpaka mwisho, mara 10. Mkondo wa shoti kwenye bodi ni kama kilo-ampea 6. Si 160 ni zaidi ya mara mbili ya 63?

Jibu: Salama, fundi. Hayo matukio mawili uliyoyaeleza ndiyo yenye jibu, kwa hiyo nitayafuata moja moja.

Kanuni ya uwiano uliyoitegemea ni ya fyuzi na fyuzi. Kwa gG mbili zilizofuatana, uwiano wa 1.6 kwa 1 kwa kawaida hutosha, maana zote mbili hupima kitu kimoja: nishati iliyopita, yaani I²t. Breka yako haipimi hivyo. Kwenye shoti, sumaku yake huvutwa na ukubwa wa mkondo wa papo hapo, na lachi ikishafunguka hairudi hata kama fyuzi imemaliza kazi. Namba 160 iliyoandikwa usoni inahusu mzigo wa kawaida tu.

Tuanze na shoti ya mbali. Tuseme urefu wa kebo uliupunguza mkondo hadi ampea 1000. Umeweka sumaku kwenye ampea 1600, na kiwango cha IEC 60947-2 kinaruhusu ikosee asilimia 20 juu au chini, kwa hiyo inaweza kuvuta kuanzia 1280. Ampea 1000 haziifikii. Fyuzi ya gG ya 63, kwa mujibu wa IEC 60269, kwa muda wa milisekunde 10 huyeyuka kwa I²t iliyo kati ya 9000 na 27000. Ukigawanya 27000 kwa mraba wa 1000 unapata milisekunde 27 kwa fyuzi iliyo nzito kuyeyuka kuliko zote. Upande wa joto wa breka hauwezi hata kuhisi kitu katika muda huo. Fyuzi imeungua peke yake, kama ilivyotakiwa.

Sasa ya jirani. Kilo-ampea 6 zina kilele cha karibu kilo-ampea 8.5. Fyuzi haitangoji kilele hicho. Nikikokotoa wimbi linaloanzia sifuri, kwa mifumo ya hezi 50, inayeyuka baada ya milisekunde moja na nusu hadi mbili na robo hivi, mkondo ukiwa umepanda hadi kati ya kilo-ampea 4 na 5.5. Kisha tao linawaka ndani ya mchanga wake kwa milisekunde chache na kuzimika. Fyuzi imefanya kazi nzuri sana. Lakini ampea 1600 za sumaku yako, zikigeuzwa kuwa kilele, ni kama 2260 tu. Kwa hiyo kwa milisekunde kadhaa sumaku imevutwa kwa mkondo unaokaribia mara mbili na zaidi ya kiwango chake. Huenda isiwahi kufungua lachi, huenda ikawahi, na wiki hii imewahi.

Kupandisha hadi mara 10 kulikuwa sahihi, ila huo ndio mwisho wa uwezo wake. Kuna mkondo fulani wa mpaka: chini yake fyuzi hukata peke yake, juu yake vyote viwili huenda. Mpaka huo hausomwi kwa kulinganisha mistari ya mikondo na muda kwenye karatasi, maana chini ya milisekunde 10 mistari hiyo haisemi ukweli kamili. Husomwa kwenye jedwali la mtengenezaji wa breka, lililopimwa kwa aina hiyo ya breka pamoja na ukubwa huo wa fyuzi. Jedwali likikupa kilo-ampea 2 nawe una 6 kwenye bodi, basi shoti zote za karibu zitaendelea kukuzimia jengo.

Usijaribu kushusha fyuzi kuwa 40 ukidhani tatizo litaisha. Hata hiyo, ikiwa nzito, huruhusu karibu kilo-ampea 4 kwa shoti ya namna ileile. Na usiweke breka kuu kubwa zaidi bila kuhakikisha kebo inayoingia inaihimili. Hilo nimelikuta mara nyingi na linanisikitisha kila mara, kwa sababu kebo kuu ndiyo inayobaki bila ulinzi.

Dawa ya kweli ni breka ya kielektroniki yenye ucheleweshaji mfupi. Weka Ir, kiwango cha mzigo, kwenye ampea 160; Isd, mkondo unaoanzisha ucheleweshaji huo, mara 8, yaani 1280; na tsd, muda wa kusubiri, sekunde 0.1. Hata Isd ikikosea kwa asilimia 10 kwenda chini, kwenye ampea 1150 fyuzi nzito hukata kwa takriban milisekunde 20, kwa hiyo breka inayosubiri 100 haitaguswa. Kabla ya kununua, tazama Ii, ule ukataji wa papo hapo. Breka nyingi ndogo za kielektroniki haziruhusu kuuzima, na kikomo chake huwa mara kumi na kitu tu za ampea za breka. Ukiwa na Ii ya ampea 2000 umelipia teknolojia na umerudi palepale. Tafuta inayozimika au inayopanda juu ya kile ambacho fyuzi inapitisha, au ambayo jedwali lake linathibitisha upatanisho na gG 63 hadi kilo-ampea 6.

Kusubiri huko kuna gharama, na hapa ndipo naomba uwe makini zaidi. Shoti ikitokea kwenye basbaa, kabla ya fyuzi, hakuna fyuzi ya kuikata. Breka itasubiri, kisha ifungue. Tuhesabu sekunde 0.15 kwa jumla. Kilo-ampea 6 kwa muda huo ni I²t ya milioni 5.4. Waya wa shaba wenye PVC wa milimita za mraba 16, unaotoka basbaa kwenda kishikio cha fyuzi, huhimili milioni 3.4 tu (115 × 16, kisha mraba). Utaungua kabla breka haijafungua. Milimita 25 huhimili milioni 8.3, na hiyo inatosha. Kama nyaya zako hizo ni 16, zibadilishe siku hiyohiyo unayobadilisha breka. Soma pia Icw, yaani mkondo wa shoti unaovumilika kwa muda mfupi, kwenye bamba la bodi na kwenye breka yenyewe, uone kama vinavumilia kilo-ampea 6 kwa muda huo.

Kabla ya haya yote, fungua fyuzi za kiyoyozi. Hata kama imeungua moja tu, badilisha zote tatu: zile nyingine zimeonja mkondo uleule, na kiini kilichoanza kuyeyuka kitakatika siku nyingine bila sababu utakayoiona.