Wateja watatu, wiki moja: naanza na nani?

"Nina kazi tatu za kusanifu na kukabidhi hapa Mwanza: bango la duka Makoroboi Jumatano, ripoti ya taasisi Nyegezi na menyu ya hoteli Capri Point zote Ijumaa. Naanza na nani?"

— Bango. Limalize kabisa ndipo uguse nyingine.

— Hapana kaka, kuanza na bango ni sawa, ila usisubiri liishe. Panga kwa siku mteja anapopokea rasimu, si siku ya mwisho, maana kinachokula wiki ni kungoja majibu yake. Gawa siku vipande vitatu vya saa mbili. Jumatatu bango vipande viwili, rasimu iende saa 8 mchana, kisha kipande kimoja cha ripoti. Jumanne yote ni ripoti, itoke jioni. Inasomwa na watu wengi kabla ya kujibiwa, ndiyo maana inaitangulia menyu. Jumatano asubuhi marekebisho ya bango, halafu menyu vipande viwili. Alhamisi iache wazi kwa masahihisho tu, hata ukiona huna kazi. Ukiijaza, ripoti itarudi Alhamisi mchana na utakesha. Kama kazi unayoikadiria saa 4 kila mara inakula saa 6, andika 6, na hapo mpango huu hautoshi: mwombe mteja wa menyu siku ya baadaye, na umwombe Jumatatu mapema, si Ijumaa asubuhi. Umeme ukikatika, sogeza kipande kizima, usikikate.

— Mteja wangu wa Ilemela hajibu rasimu siku tatu. Huyo anapangwaje?

— Huyo bado ni mtihani. Mwandikie saa ya mwisho ya kujibu unapomtumia, ingawa wengine hawaifuati.