Paka kamparua mtoto, sasa ana mtoki kwapani

"Daktari, mwanangu wa miaka 8 aliparuliwa mkononi na kipaka wetu hapa Mikindani. Ni wiki ya pili sasa, mkwaruzo umepona lakini ana mtoki kwapani unaouma. Kipaka ni mzima, anakula vizuri. Kucha zake zina sumu? Na bibi yake anatumia ARV, yeye je?"

Mama, kucha hazina sumu. Kinachoingia ni bakteria aitwaye Bartonela, na anayemsambaza kati ya paka na paka ni kiroboto. Kiroboto hunyonya damu yenye bakteria, kisha huacha kinyesi kwenye manyoya. Paka akijikuna, kinyesi hicho hunasa kwenye kucha, na akiparua kinaingia kwenye ngozi iliyochanika. Paka mwenyewe anaweza kumbeba bakteria huyo kwa miezi bila dalili yoyote. Vipaka wa chini ya mwaka mmoja ndio hasa wanaombeba, na ndio wanaocheza na watoto kwa kucha.

Mchane kipaka wako mgongoni, karibu na mkia, kwa kitana chenye meno yaliyobanana, ukung'utie kwenye pamba iliyoloa. Chembe nyeusi zikitoa wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, maana ni damu. Mchanga hautoi rangi.

Muda wa mwanao unaendana na ugonjwa huu: mtoki hutokea wiki 1 hadi 3 baada ya kuparuliwa, upande uleule. Mara nyingi hunywea wenyewe ndani ya miezi 2 hadi 4. Azithromaisini ya siku 5, akiandikiwa na daktari, huuharakisha. Msikubali upasuliwe, kidonda kinaweza kuchuruzika muda mrefu. Hata hivyo mpeleke hospitali, kwa sababu TB ya tezi hufanana sana na huu, na mtaje paka bila kusubiri kuulizwa. Kuhusu kichaa cha mbwa, paka aliyebaki mzima siku 10 baada ya kuparua hakuwa na virusi vyake kwenye mate wakati alipoparua. Angeugua au kutoweka ndani ya siku hizo, ningekuambia ukimbilie chanjo.

Bibi ndiye ninayemhofia zaidi. Kinga ikiwa chini sana, hasa chembe za kinga za CD4 zikiwa chini ya 100, bakteria huyu haishii kwenye tezi: huleta vinundu vyekundu vinavyovuja damu kirahisi, homa isiyokwisha, hata ini kuathirika. Mwenye ugonjwa wa vali za moyo naye yuko hatarini. Bibi asikose dawa zake, asicheze na kipaka, na akiparuliwa aoshe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Kipaka msimtupe, ueni viroboto. Mwombeni mtaalamu wa mifugo dawa ya paka. Ile ya mbwa yenye permethrini inaweza kumuua.